Saa tisa na nusu alasiri: ufunge, ushikilie, utege pande mbili au usubiri?

Kwa anayefanya forex kwa simu hapa Kigoma, mwezi una siku mbili ambazo bei ya euro na dola inaweza kuruka pipsi hamsini ukiwa bado unafungua programu. Ya kwanza ni siku ya ripoti ya ajira ya Marekani, ile tunayoiita NFP, ambayo kwa kawaida huangukia Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Ya pili ni ya mfumuko wa bei, CPI, nayo huja karibu na katikati ya mwezi. Zote mbili zinatolewa na ofisi moja, Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani, saa mbili na nusu asubuhi kwa saa za Washington.

Kila zinapokaribia swali ni lile lile: nina oda iliyo wazi, au nataka kuingia, nifanye nini? Majibu yanayozunguka mtaani ni manne. Kuna wanaofunga kila kitu kabla, kuna wanaoshikilia wakitegemea stop losi ya kukatia hasara, kuna wanaotega oda juu na chini ya bei, na kuna wanaosubiri vumbi litulie ndipo waingie. Nitayapima yote kwa akaunti ya dola 200 na oda ya ukubwa wa loti 0.05 kwenye EUR/USD, ambapo pipsi moja, yaani 0.0001 ya bei, ni senti 50. Mwenye akaunti kubwa zaidi azidishe mwenyewe.

Tuanze na saa, maana kuna watu wanaunguza akaunti kwa kukosea saa tu. Wamarekani wanasogeza saa zao mara mbili kwa mwaka, sisi hatusogezi. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, namba zinatoka saa tisa na nusu alasiri kwetu. Miezi iliyobaki zinatoka saa kumi na nusu. Kinachochanganya zaidi ni kwamba seva za broka wengi zinafuata saa ya New York, kwa hiyo kwenye chati ya programu ya MT5 utaona mruko umeandikwa 15:30 mwaka mzima, hata Januari ambapo saa ya ukutani inasema saa kumi na nusu. Usipange kwa kutazama mshumaa wa mwezi uliopita. Angalia kalenda, na uhakikishe kalenda yenyewe imewekwa saa za Afrika Mashariki.

Tarehe nazo huhama. Serikali ya Marekani ilipofungwa Oktoba 2025 kwa kukosa bajeti, ripoti ya ajira ya Septemba ilisubiri hadi tarehe 20 Novemba, na CPI ya Oktoba haikutolewa kabisa. Aliyekuwa anahesabu Ijumaa za kwanza kichwani alikaa anasubiri kitu ambacho hakipo.

Niweke pembeni jambo moja kabla ya kuendelea. Mama mmoja anayeuza dagaa kwa wateja wa ng'ambo ya ziwa aliniuliza kama asubiri NFP ipite ndipo abadilishe dola zake. Jibu ni hapana. Bei ya shilingi kwenye dirisha la benki au duka la fedha hairuki saa tisa na nusu. Inasogea kwa siku na wiki, kutegemea dola zinazoingia kutoka kwenye dhahabu, utalii, korosho, na tumbaku ya wenzetu wa Tabora, na dola zinazotoka kununua mafuta na bidhaa za nje. Mruko tunaouzungumzia hapa ni wa euro, pauni, yeni na dhahabu dhidi ya dola, kwenye soko linalofanya kazi kwa sekunde.

Ripoti zenyewe hazifanani

Wengi wanaziweka kapu moja kwa sababu kwenye kalenda zote zina alama nyekundu. Mimi nazitenganisha, kwa sababu namna bei inavyoruka hutegemea namna ripoti ilivyojengwa.

CPI ni ripoti yenye sauti moja. Namba zinazotazamwa ni mbili: ya jumla, na ile isiyohesabu chakula na nishati. Mara nyingi zinaelekea upande mmoja. Tarehe 10 Novemba 2022 soko lilitarajia mfumuko wa mwaka wa karibu asilimia 7.9 au 8, ikatoka 7.7, na ile isiyo na chakula na nishati nayo ikawa chini ya matarajio. Sehemu mbili tu za kumi, lakini hakukuwa na kitu ndani ya ripoti kilichopinga kingine. Dola ikaanza kushuka sekunde ile ile na haikusimama: yeni, iliyokuwa karibu 146 kwa dola, siku hiyo ilifika kwenye 141, na hisa za Marekani kwenye S&P 500 zikapanda asilimia 5.5.

Wakati mwingine CPI inatoka sawasawa na matarajio na bei inaruka hivyo hivyo, vijana wakadai kuna mchezo. Sababu ni kukadirisha. Asilimia 0.3 ya mwezi inaweza kuwa 0.25 iliyopandishwa au 0.34 iliyoshushwa. Ofisi ya Takwimu za Kazi hutoa pia fahirisi yenyewe ikiwa na tarakimu tatu baada ya nukta, na mashine za mabenki hupiga hesabu kutoka hapo papo hapo. Wewe unaona 0.3, wao wameshaona 0.34.

NFP ina sauti tatu au nne, na zinaweza kugombana. Idadi ya ajira mpya inatoka kwa waajiri zaidi ya laki moja, bila kuhesabu kazi za mashambani. Kiwango cha ukosefu wa ajira kinatoka kwenye uchunguzi mwingine kabisa, wa kaya kama 60,000. Kuna mshahara wa wastani kwa saa. Halafu kuna marekebisho ya miezi miwili iliyopita, na hapo ndipo wengi wanapopigwa.

Chukua tarehe 1 Agosti 2025. Ajira za Julai zilitoka 73,000, wakati soko lilitarajia kama laki moja hivi. Ni udhaifu, lakini si wa kutisha. Bomu lilikuwa kwenye marekebisho: Mei iliyotangazwa kuwa 144,000 ilishushwa hadi 19,000, na Juni iliyotangazwa 147,000 ilishushwa hadi 14,000. Jumla ajira 258,000 zilifutwa kwa kalamu. Euro, iliyokuwa karibu na 1.14, ilipanda ikamaliza siku juu ya 1.15. Kalenda ya simu ilionyesha namba ile ya 73,000 kwa maandishi makubwa. Marekebisho ulilazimika kuyatafuta.

Na si kwamba namba ya pembeni hushinda kila mara. Juni 7, 2024 ajira zilitoka 272,000 dhidi ya matarajio ya kama 185,000, huku ukosefu wa ajira ukipanda hadi asilimia 4.0. Sauti mbili, moja inasema uchumi una nguvu, nyingine inasema unalegea. Siku hiyo soko likaifuata ile ya kwanza na dola ikapaa. Ukiniuliza kanuni ya kujua mapema ni sauti ipi itasikilizwa, sina, na anayekuuzia kanuni hiyo kwenye kundi la malipo hana pia.

Kwa hiyo kwa upande wangu, CPI ikishaonyesha upande na namba zake zote mbili zinakubaliana, naiamini mapema zaidi. NFP naipa muda. Kuna na jambo la siku: CPI mara nyingi inatoka katikati ya wiki, NFP inatoka Ijumaa, na soko linafungwa usiku wa manane kwa saa zetu, au saa saba usiku wakati wa majira yao ya baridi. Anayechelewa kuingia kwenye NFP ana saa chache tu kabla ya kulala na oda wikendi nzima.

Kufunga kabla

Hii haina hadithi ndefu. Umenunua euro 1.1500, bei iko 1.1512, dakika kumi kabla unafunga na kuchukua dola 6 zako. Ukitaka kurudi baadaye unalipa spredi tena, ile tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza, ambayo kwa siku ya kawaida ni kama pipsi moja, yaani senti 50, pamoja na kamisheni kama akaunti yako inayo. Gharama halisi ni ile hasira ya kuona bei imekwenda ulikotaka bila wewe. Hasira hiyo hailiwi kwenye salio.

Kitu cha kuzingatia ni dakika. Usifunge sekunde thelathini kabla, maana spredi huanza kutanuka mapema: wanaoweka bei nao wanaogopa, wanaondoa oda zao sokoni. Dakika tano hadi kumi zinatosha.

Kushikilia na stop losi

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo malalamiko mengi yanapotoka. Watu wanadhani stop losi ni bei. Stop losi ni agizo. Ni sawa na kumwambia kijana aliyepeleka mawese sokoni, "bei ikishuka hadi elfu nne uza." Ikishuka ghafla kutoka elfu tano hadi elfu tatu bila kupita kwenye nne, kijana atauza kwa elfu tatu, na hajakuibia.

Tuseme umenunua 1.1500 na stop losi iko 1.1480. Umepanga kupoteza pipsi 20, dola 10, ambazo ni asilimia 5 ya akaunti, na tayari ni nyingi. Namba zinatoka na dola inapata nguvu. Bei ya mwisho kabla ya mruko ilikuwa 1.1496, inayofuata ni 1.1462. Katikati hapo hakukuwa na mnunuzi. Stop losi inaamka, inauza kwa bei iliyopo, na unatoka 1.1462. Pipsi 38, dola 19. Hiyo ndiyo slipeji, na kwenye historia ya oda utaiona waziwazi: S/L imeandikwa 1.14800, bei ya kufungia 1.14620.

Lalamiko la pili ni gumu zaidi kulielewa: "Chati haikugusa stop losi yangu, lakini nimeliwa." Mara nyingi lina maelezo. Chati ya MT4 na MT5 huchorwa kwa bei ya kuuzia, Bid. Lakini ukiwa umeuza, oda yako hufungwa kwa bei ya kununulia, Ask, ambayo iko juu kwa kiasi cha spredi. Umeuza 1.1500, stop losi 1.1520. Mshumaa unafika 1.1513 na kugeuka. Kwenye chati umebaki na pipsi saba za usalama. Ila kwa sekunde zile spredi ilikuwa pipsi 9, kwa hiyo Ask ilifika 1.1522. Umeliwa kihalali. Washa mstari wa Ask kwenye mipangilio ya chati ujionee mwenyewe siku ya habari: mistari miwili iliyokuwa imeshikana inaachana, kisha inarudi taratibu baada ya dakika moja mbili. Kama stop losi yako iko kwenye Buy na Bid haikuifikia, hapo sasa una haki ya kumwandikia broka akuonyeshe bei za sekunde ile.

Kushikilia kunafaa mtu mmoja: mwenye faida iliyokwisha kukomaa. Umenunua 1.1500, bei iko 1.1580, stop losi umeisogeza hadi 1.1520. Hata slipeji ikikuvuta pipsi 18 chini ya hapo unatoka 1.1502, hujapoteza. Ukipunguza na loti nusu kabla, unalala. Tofauti na hapo, unakodisha akaunti yako kwa bahati.

Kwa sisi wa huku kuna la ziada. Stop losi ya kawaida inakaa kwenye seva ya broka, kwa hiyo umeme ukikatika mtaa mzima wa Mwanga na mtandao ukaondoka nao, bado inafanya kazi. Stop losi inayofuata bei, Trailing Stop ya MT4 na MT5, haiko hivyo: inaendeshwa na kompyuta yako. Kompyuta ikizimika, inabaki pale ilipofikia. Usiende kwenye NFP ukiitegemea.

Kutega pande mbili

Hii ndiyo inayopendwa kwenye video. Dakika mbili kabla unaweka Buy Stop pipsi 15 juu na Sell Stop pipsi 15 chini, bei iende itakako. Kwenye karatasi huwezi kukosa.

Kwenye soko, oda hizo zina ugonjwa ule ule wa stop losi: zikiamka zinachukua bei iliyopo. Bei ikiwa 1.1500, Sell Stop yako ya 1.1485 inaingia 1.1478. Kama bei inaendelea hadi 1.1440, umepata pipsi 38, dola 19 kabla ya spredi, na utawasimulia watu wiki nzima. Lakini NFP yenye sauti zinazogombana hushuka kwanza, kisha hupanda. Sell Stop imeingia 1.1478, bei inageuka, Buy Stop ya 1.1515 inaingia 1.1527. Sasa una kuuza na kununua kwa pamoja, na kati yao kuna pipsi 49. Bei ikienda popote, upande mmoja unapata kile upande mwingine unachopoteza. Dola 24.50 zimefungwa humo, na kila dakika unashawishika kufunga upande mmoja kwa kubahatisha. Wakati mwingine hata bei haihitaji kugeuka: spredi ikitanuka vya kutosha Buy Stop inaamshwa na Ask peke yake.

MT5 ina oda iitwayo Buy Stop Limit na mwenzake Sell Stop Limit, ambazo MT4 haina. Unaipa bei ya kuamka na bei ya mwisho unayokubali. Slipeji inakatwa, lakini siku bei inaruka kweli oda haijazwi, na siku bei inageuka inakusubiri wewe uingie. Ndiyo maana sizipendi kwa kazi hii.

Kuna na suala la umbali. Seva nyingi za broka ziko London au New York. Ukifuta oda ya pili kwa kidole ukiwa Ujiji kwa data ya simu, amri yako inasafiri hadi huko na jibu linarudi wakati soko linabadilika mara nyingi ndani ya sekunde moja. Hushindani na mtu wa Dar hapo, unashindana na mashine zilizokaa jengo moja na seva. Aidha, soma masharti ya akaunti kabla ya kujaribu. Baadhi ya broka, na hasa kampuni zinazotoa akaunti za kufadhiliwa, hukataza oda zilizofunguliwa dakika chache kabla au baada ya habari, na faida yako inaweza kufutwa.

Kusubiri

Unakaa bila oda. Namba zinatoka, husomi kalenda tu, unafungua ripoti yenyewe kwenye tovuti ya ofisi ile ya takwimu, bls.gov. Ukurasa wa kwanza una ajira na kiwango cha ukosefu wa ajira, na marekebisho yana aya yake ya maneno mepesi inayotaja miezi miwili iliyopita. Dakika tatu zinatosha kusoma. Kwenye CPI nasubiri mshumaa wa dakika 5 ufunge na spredi irudi. Kwenye NFP nasubiri wa dakika 15 ufunge.

Baada ya dakika 15 bei iko 1.1455, spredi imerudi pipsi moja. Umekosa mruko wote, ndiyo. Lakini sasa unajua sauti zote zimesemaje. Unauza 1.1455. Stop losi haiwezi kuwa pipsi 20 tena, kwa sababu soko linatikisika zaidi, iweke 1.1485, pipsi 30. Ili hasara isizidi dola 10 unashusha loti hadi 0.03: senti 30 kwa pipsi, dola 9. Hatua hii ya kushusha loti ndiyo inayosahaulika, na mtu anayesubiri kwa nidhamu halafu akaingia na loti ile ile amejirudisha alikotoka.

Udhaifu wake ni kwamba siku nyingine mruko wa kwanza ndio mruko wote. Unaingia, bei inasinzia, unafunga bila kitu. Sina tatizo na siku hizo.

Kwa akaunti ile ile, mambo yakiharibika:

| Njia | Ulichopanga kupoteza | Unachoweza kupoteza kwenye mfano huu |
|---|---|---|
| Kufunga kabla | karibu senti 50 za spredi ya kurudi | hiyo hiyo |
| Kushikilia | dola 10 | dola 19 |
| Kutega pande mbili | "haiwezekani" | dola 24.50 |
| Kusubiri | dola 9 | dola 9 na senti kidogo za slipeji |

Mwenye akaunti ya dola 200 na simu, NFP afunge kabla na asubiri dakika 15. CPI afunge kabla, na akiona namba zote mbili zimekubaliana anaweza kuingia baada ya mshumaa wa dakika 5. Kushikilia abaki nako kwa ile oda yenye faida kubwa tu, ikiwa nusu. Kutega pande mbili ningemwachia mwenye kompyuta iliyokodiwa karibu na seva, na hata yeye ajaribu kwanza kwenye akaunti ya demo, akijua kuwa demo mara nyingi haimwonyeshi slipeji kama ilivyo.

Anayefanya dhahabu badala ya euro achukue majibu haya haya lakini akate loti zaidi. Kwenye XAU/USD loti 0.01 ni wakia moja, kwa hiyo bei ikisogea dola 20 akaunti nayo inasogea dola 20, na kwenye habari hizi mbili dola 20 za dhahabu ni jambo la dakika chache.